Barua ya wazi kwa Wizara ya Afya na TMDA: mkiweka picha kwenye pakiti za sigara, wekeni na mlango wa kutokea

Waheshimiwa, shikamooni, na poleni na majukumu.

Mimi ni nesi, wa kiume, niko zahanati moja pembezoni mwa Dar, jina lake naliacha maana hii barua sijatumwa na mtu. Nilivuta sigara miaka 9 nikaacha. Na katika hiyo miaka 9 nimeshika pakiti sijui maelfu mangapi, lakini mkiniamsha usiku mkaniuliza lile onyo la maandishi limekaa upande gani nitababaisha tu. Najua linasema uvutaji ni hatari kwa afya, basi. Limekaa pale kama zile namba ndogondogo za chini ya risiti, zipo, nani anazisoma.

Naandika kwa sababu ya kaka yangu na kipande cha plasta.

Braza ni dereva wa semi, anapiga ruti ya Dar Kampala, yaani Morogoro Dodoma Singida Nzega Kahama mpaka Mutukula, na anavuta tangu yuko utingo. Mwaka jana karudi safari kafikia kwangu, katoa mfukoni pakiti aliyonunua Kampala kaiweka mezani. Sasa Uganda sheria yao ya 2015 inataka onyo la picha na maandishi lichukue asilimia 65 ya pakiti, mbele na nyuma, kwa hiyo jina la sigara yenyewe limebanwa huko chini kama abiria wa siti ya katikati kwenye Hiace. Picha yenyewe sitawaelezea, na sio kwa sababu ya adabu, ni kwamba mimi mwenyewe ambaye nafunga vidonda kila siku niliiangalia sekunde mbili nikageukia chai yangu.

Braza kaona nimeangalia. Kaigeuza pakiti, upande wa pili nao picha. Kacheka kidogo. Alafu kavuta begi langu la kazi lililokuwa kwenye kochi, katoa rola ya plasta nyeupe, kakata kipande kabandika mbele, kakata kingine kabandika nyuma, kalainisha kwa kidole gumba vizuri kabisa kama mtu anayefunga kidonda. Nikamuuliza unaficha nini sasa. Akasema, "Dogo, siwezi kunywa chai na maiti mezani."

Wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba picha imeshindwa. Serikali nzima ya jirani imetunga sheria, imekaa bungeni, imewabana wenye viwanda, alafu jamaa mmoja na plasta anaimaliza kwa dakika moja. Na najua hilo ndo wazo mtakaloletewa ofisini na watu wa suti siku mkitaka kuweka picha kwetu, maana mtaweka tu, mkataba wa WHO wa kudhibiti tumbaku tuliuridhia 2007 na ibara yake ya 11 inazungumzia haya maonyo, na Mauritius walishaanza picha tangu 2009. Watawaambia wavutaji hawaziangalii. Watawaambia zinawatia watu kiburi, wanavuta zaidi. Sasa mimi nimetumia usiku mwingi kusoma haya mambo, nikiwa zamu na wagonjwa wamelala, na naomba niwaambie nilichokikuta maana sio nilichotegemea.

Kanada ndo walikuwa wa kwanza duniani kuweka picha, pakiti zikaanza kuonekana madukani mwanzoni mwa 2001. Mwaka huohuo mtafiti anaitwa David Hammond na wenzake wakachukua wavutaji 616 kusini magharibi mwa Ontario, wakawahoji, wakasubiri miezi 3, wakawapigia tena. Hawakuuliza tu umeona picha au hujaona, waliuliza umejisikiaje na umefanya nini. Asilimia 58 wakasema picha ziliwatia kinyaa, asilimia 44 wakasema ziliwatia hofu. Na asilimia 30, yaani karibu mtu mmoja katika kila watatu, walikiri kwamba wanazikwepa makusudi, anaziba picha, anahamishia sigara kwenye kopo, au akifika dukani anaomba pakiti yenye picha nyingine. Yaani braza wangu yuko kwenye hiyo asilimia 30 bila kufika Kanada.

Sasa sikilizeni kilichotokea baada ya miezi 3. Wale waliosema wameogopa na kuchukizwa zaidi ndo waliokuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa wameacha, au wamejaribu kuacha, au wamepunguza. Na wale wakwepaji je? Hawakuwa nyuma ya wenzao hata kidogo. Waliziwaza picha vilevile na walijaribu kuacha vilevile. Na waliosema wanavuta zaidi kwa sababu ya picha, ile hoja ya kiburi, walikuwa asilimia 1.

Nilivyosoma hapo nikacheka peke yangu wodini, alafu nikaelewa. Ukitaka kukwepa kitu lazima ujue kimekaa wapi. Mtu anayekwepa nyumba ya anayemdai anaijua hiyo nyumba kuliko postamasta. Braza kila akitaka sigara anaingiza mkono mfukoni, kidole kinakutana na plasta, plasta ina ukwaruzo wake sio kama karatasi laini ya pakiti, na kidole kikigusa plasta kichwa kinajua chini yake kuna nini. Mara 20 kwa siku. Lile onyo letu la maandishi halijawahi kubandikwa plasta na mtu yeyote, na hiyo sio sifa, ni kwa sababu halimsumbui mtu.

Mtu anaweza kusema ah, hao walihojiwa tu, pengine walioogopa walikuwa tayari wanataka kuacha. Hoja nzuri, mimi pia niliiwaza. Basi kuna jaribio lingine la Noel Brewer na wenzake, lilitoka 2016, hilo walipiga kura kabisa. Wavutaji 2,149 wa North Carolina na California, Marekani ambako pakiti hazikuwa na picha, wakagawanywa kwa bahati nasibu. Kila wiki mtu analeta sigara zake mwenyewe za kumtosha, watafiti wanambandikia lebo kwenye kila pakiti, kundi moja lebo za picha na lingine maandishi tu, wanamrudishia. Wiki 4. Mwishoni waliojaribu kuacha walikuwa asilimia 40 kwenye picha na 34 kwenye maandishi, na waliokuwa wamekaa angalau siku 7 bila sigara walikuwa asilimia 5.7 kwa 3.8.

Naziacha hizo namba zikae hivyohivyo, sitaki kuzipamba. Katika kila wavutaji 100 picha iliongeza 6 wa kujaribu na kama 2 wa kufika wiki nzima. Kwa nchi nzima ni watu wengi sana, na gharama yake ni wino tu tena wino wa mwenye kiwanda. Lakini angalieni na upande wa pili wa hesabu hiyohiyo: kati ya wale 40 waliojaribu, zaidi ya 30 hawakufika popote. Picha iliwasukuma, walisukumwa kweli, wakagonga ukuta. Na hapa ndo nataka kuwaweka kidogo maana naona nchi nyingi zinaishia kwenye kusukuma.

Hofu ina kazi mbili kichwani mwa mtu na hizi kazi hazifanani. Ya kwanza ni kuondoa hatari. Ya pili ni kuondoa hofu yenyewe, ile hali ya tumbo kukaza. Ukisikia nyoka chumbani na fimbo iko mlangoni, utaamka umuue au utoke nje, hatari imeondoka na hofu imeondoka nayo. Lakini mtoto anayeogopa giza usiku hana swichi wala hana pa kwenda, anafanyaje? Anajifunika shuka. Giza liko palepale, ila yeye sasa halioni. Mvutaji mkimwonyesha koo lililotoboka na hamjampa fimbo wala mlango, atajifunika shuka, na shuka ziko za aina nyingi, kuna plasta, kuna "babu yangu kavuta mpaka miaka 90", kuna "hizo picha za kompyuta", kuna "mbona ajali zinaua zaidi", na ile kubwa kuliko zote, "kufa kupo". Mimi miaka 9 shuka langu lilikuwa "nitaacha nikioa". Nilioa, nikahamia "nitaacha mtoto akizaliwa".

Na msifikiri ni ubishi tu wa mdomo. Kuna watafiti wa Bristol, Uingereza, kina Marcus Munafò, walitumia kifaa kinachofuata mboni ya jicho wakawaonyesha watu pakiti. Wakajaribu kuondoa rangi na nembo ili jicho liende kwenye onyo. Kwa wasiovuta ikafanya kazi, kwa wale wa sigara chache kwa wiki ikafanya kazi, jicho likahamia kwenye onyo. Kwa wavutaji wa kila siku haikubadilisha kitu. Jicho la mvutaji mzoefu halinaswi na mtego huo. Yaani yule anayehitaji kuona ndo jicho lake limeshajifunza kupita pembeni, na hafanyi kwa makusudi, hata hajui kama anafanya.

Sasa fimbo na mlango. Naomba mnivumilie na hadithi ya pepopunda maana ndo msingi wa barua hii yote. Miaka ya 1960 Chuo Kikuu cha Yale mwanasaikolojia Howard Leventhal na wenzake waliwapa wanafunzi vijitabu kuhusu pepopunda wakiwashauri wakachanjwe, kliniki ya chuo ipo, bure. Vijitabu vingine vikali, vina picha za kutisha, vingine vya upole. Waliosoma vile vikali walitishika zaidi na wakasema zaidi kwamba watakwenda. Alafu wakasubiri waone nani ataenda kweli, si unajua kusema na kwenda. Waliokwenda walikuwa kama 3 katika 100, na ukali wa kijitabu haukuleta tofauti ya maana. Lakini baadhi ya vijitabu, vikali na vya upole, vilikuwa na kitu cha ziada: ramani ya chuo yenye kliniki imezungushiwa duara, saa za kufunguliwa, na ombi kwamba mwanafunzi aangalie ratiba yake ya wiki aone lini atapita njia hiyo. Kwenye hao walikwenda kama 28 katika 100.

Ramani! Na walikuwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho, kliniki walikuwa wanaijua ilipo. Sio kwamba walipewa taarifa mpya, walipewa mahali pa kuanzia, hofu ikapata mlango ikatoka kwa miguu. Na kuna kipande cha mwisho ambacho watu wanaopenda kampeni za upole wanakirukaga: waliopewa ramani bila kutishwa hata kidogo hawakwenda. Kwa hiyo hofu inahitajika. Peke yake inazaa shuka, ikiwa na ramani inazaa safari.

Basi narudi kwa braza. Kesho yake asubuhi anajiandaa kuondoka, ile pakiti iko mezani na plasta zake. Nikachukua biro nikaandika juu ya plasta ya mbele namba yangu ya simu, na chini yake nikaandika "piga kabla ya kuwasha". Hakusema kitu, akaitia mfukoni. Nikamweleza kitu kimoja tu, kwamba ile hamu kali ya sigara inakuja kama wimbi, inapanda na inashuka, dakika chache tu kama 5 hivi, hata usipovuta inashuka, na siku 3 za kwanza ndo mbaya kuliko zote baada ya hapo yanakuja machache. Kwa hiyo kazi yake sio kuacha sigara maisha yake yote, kazi yake ni dakika 5, tena kwa kuongea na mimi kwenye simu upuuzi wowote.

Akapiga mizani ya Vigwaza, yaani hata hajatoka Pwani vizuri. Foleni ya malori imesimama, madereva wenzake wote wanavuta. Tukaongea habari za mjomba na kiwanja chake. Akapiga Dodoma. Akapiga Singida usiku, hiyo ilikuwa siku ya pili, ana hasira kweli, kanitukana kidogo, nikacheka, hasira ni dalili, nikotini inatoka mwilini kwa haraka na ubongo unadai. Siku ya tatu yuko Nzega ndo alikuwa karibu kulia, anasema kichwa hakitulii, hawezi hata kuhesabu hela ya mafuta. Tukakaa kwenye simu dakika 11, vocha yake iliisha nikampigia mimi. Hakuvuta. Akafika Kampala hajavuta, akaanza kurudi hajavuta, siku 19.

Siku ya 19 usiku yuko amekwama mpakani Mutukula, makaratasi yana shida, saa 8 za usiku akapiga. Nilikuwa nimelala. Simu nilikuwa nimeizima sauti kwa sababu nilikuwa natoka zamu mbili mfululizo. Asubuhi nikakuta simu zake 3 ambazo sikupokea na meseji moja: "Usijali dogo".

Waheshimiwa, hiyo ndo hoja yangu. Mtu mmoja mwenye zamu na usingizi sio huduma. Kwa hiyo kabla hamjachagua picha, kabla hamjaitisha kikao cha wachoraji, anzeni na namba. Iwe fupi, iwe bure mitandao yote, na iwe na mtu anayeipokea saa 8 za usiku anayejua kwamba mvutaji ana dakika 5 tu. Mna 199 ya Wizara tayari, pengine mnaweza kuanzia hapo badala ya kujenga kitu kipya, ila watu wake wafundishwe hii kazi maalum, sio apokee aanze kumsomea mtu madhara ya tumbaku. Huyo ameshayaona, ndo maana amepiga. Australia walipoweka picha 2006 pamoja na namba ya msaada kwenye pakiti, simu za mwaka huo zilikuwa kama mara mbili ya miaka iliyotangulia. Hebu fikirieni hizo simu zingeita bila kupokelewa, si ingekuwa bora wasingeandika. Mjaribu wenyewe, mmoja wenu aweke alamu saa 8 usiku apige, ahesabu imeita mara ngapi.

Na nyuma ya namba kuwe na kitu zahanati. Plasta za nikotini, plasta halisi sasa sio zile za braza, pamoja na bablishi za nikotini, WHO waliziweka kwenye orodha ya dawa muhimu tangu 2009. Mimi kazini kwangu sijawahi kuzishika. Mtu anakuja anasema nesi nimeamua kuacha, namwambia hongera, kunywa maji mengi. Naona aibu kuandika hivyo lakini ndo hali.

Alafu mkishakuwa na namba, picha sasa. Ziwekwe pande zote mbili kwa ukubwa uleule na zikae juu ya pakiti sio chini. Hili linaonekana dogo lakini angalieni Kenya, sheria yao inatoa asilimia 30 mbele na 50 nyuma, kwa hiyo mtu akilaza pakiti mezani onyo kubwa linalala kifudifudi, anaficha bila hata plasta, na dukani mwenye duka anapanga upande anaoutaka. Ya Uganda ukiigeuza unakutana na nduguye. Na namba iwe ndani ya picha yenyewe, palepale jicho linapokimbia ndo likutane nayo, sio ubavuni kwa herufi za sisimizi. Chini ya picha ya mapafu kusiwe na "sigara inaua" peke yake, kuwe na "hamu inapita ndani ya dakika chache, piga sasa", kitu ambacho mtu anaweza kukifanya akiwa amesimama hapo alipo.

Picha zizeeke mapema, yaani mzibadilishe. Kanada pamoja na kutangulia kote walikaa na picha zilezile tangu 2001 mpaka 2012 ndo wakaleta mpya, na katikati hapo wavutaji wakazizoea, zikawa kama kalenda ya ukutani ya mwaka juzi. Andaeni seti mbili tatu kwa wakati mmoja, mzizungushe kila baada ya mwaka au miwili, na hiyo iandikwe kwenye kanuni kabisa tusije tukasubiri kikao.

Jambo ambalo hakuna Mkanada wala Mganda atakuja kuwaambia ni hili la sigara moja moja. Watu wetu wengi hawanunui pakiti. Mnajua wale vijana wa stendi wenye kiboksi cha karanga na pipi na sigara, wanachezesha sarafu mkononi cha cha cha, unampa hela anakutolea fegi moja anakuwashia kabisa na kiberiti chake. Pakiti umeiona wapi? Ameishika yeye. Picha yote hiyo ya gharama inamtisha muuzaji ambaye pengine hata havuti. Mimi nilipokuwa na hali ngumu nilinunua hivyo miezi na miezi. Kwa hilo Kanada safari hii wana jibu, tangu 2023 wana kanuni kwamba kila sigara moja moja iandikwe onyo kwenye karatasi yake sehemu ya kichungi, na zile ndefu, king size, zilianza kufika madukani 2024. Kichungi hukibandiki plasta maana ndo unakiweka mdomoni. Na nafasi ya kuandika namba fupi ya tarakimu 3 ipo, nimepima na rula.

Na mkienda kuzijaribu hizo picha kwa wavutaji kabla ya kuchapa, ambavyo ndo inavyotakiwa, msiwaulize zimekupendeza au hazijakupendeza. Na mtu akigeuza uso msiandike "haikufanya kazi". Muulizeni baada ya wiki moja: kuna siku ulitoa sigara ukairudisha? Ulificha pakiti? Ulipiga namba? Aliyeficha mwandikeni upande wa walioguswa.

Kuhusu kesi, jiandaeni. Wenzetu Kenya kanuni zao za 2014 kampuni ya sigara ya BAT walizipeleka mahakamani, ikapanda Rufaa ikapanda mpaka Mahakama ya Juu, serikali ikashinda lakini ilikuwa imeshafika 2019. Kuhusu wakulima wa Urambo na Chunya wala sitaki kubishana, tumbaku yetu nyingi inauzwa nje, picha kwenye pakiti ya duka la Mangi haimpunguzii mtu kilo.

Braza anavuta tena, sigara 6 au 7 kwa siku badala ya 20, sijui tuite nini hiyo. Wiki iliyopita kapita tena nyumbani, ana pakiti mpya ya Kampala. Kafika tu kaniomba plasta. Nikamkatia kipande, akabandika mwenyewe mbele, akanirudishia pakiti pamoja na biro.

"Andika namba," akasema. "Ila safari hii niandikie na ya mtu mwingine, wewe unalala."

Nimemwandikia ya shemeji. Bado nasubiri ya kwenu.